"Iko sawa" haijafungua mfuko: kunoa ujumbe wa kumwomba mteja aachie malipo ya hatua

Mteja ameandika, "Nimepitia yote, iko sawa kabisa, asante." Siku mbili zimepita na hela imekaa palepale kwenye mkataba. Frilansa anashika simu, anaandika, anafuta, anaandika tena. Ujumbe unaotoka mwishoni huwa na salamu nzuri, pole nyingi na samahani mbili tatu, na ombi lenyewe limezama katikati, mahali ambapo mtu anayesoma huku anatembea hawezi kuliona.

Tuchukue kazi moja ya mfano na kuinoa mpaka mwisho. Frilansa yuko Nyegezi, Mwanza. Mteja ni dada wa Kitanzania anayeishi Toronto na anatengeneza filamu fupi kuhusu wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Wamekutana Upwork, mtandao wa kutafutia kazi za frilansa, kwa mkataba wa bei maalumu uliogawanywa kwa hatua. Hatua ya 2 ni kunukuu mahojiano sita kwa maandishi, jumla dakika 180 za sauti, kwa dola 180. Kazi imewasilishwa Jumatatu tarehe 8 Juni 2026. Jumatano tarehe 10 mteja amejibu kwamba iko sawa. Leo ni Ijumaa tarehe 12, na hakuna kilichosogea.

Kabla ya kuandika herufi moja, fungua mkataba uangalie mambo mawili. La kwanza, je, hatua hiyo ina fedha? Pembeni yake pasomeke Funded. Kama haijawekewa fedha, basi huombi kuachiwa malipo, unaomba fedha ziwekwe. Huo ni ujumbe mwingine, na kwa kweli ulipaswa kutumwa kabla hujagusa kazi. La pili, je, kazi uliiwasilisha kwenye mkataba wenyewe, au ulituma tu linki ya faili kwenye mazungumzo?

Swali hilo la pili ndilo linalowaponza wengi. Mteja akitumiwa linki kwenye mazungumzo, ataifungua, ataifurahia, atajibu "iko sawa". Kwake kazi imekwisha. Lakini kwenye mkataba hakuna kilichotokea, kwa sababu wewe hujabonyeza Submit Work for Payment, na yeye hajaletewa kitu cha kuidhinisha. Zile siku 14 ambazo Upwork humpa mteja kukagua, na ambazo zikiisha bila jibu fedha huachiwa zenyewe, huhesabiwa tangu kazi iwasilishwe kwa kitufe hicho. Hazihesabiwi tangu mteja akusifie. Unaweza kukaa mwezi mzima unangoja saa ambayo haijaanza kugonga. Dalili yake ni rahisi: ukifungua hatua hiyo na kitufe kile bado kinakungoja wewe, basi tatizo liko upande wako. Wasilisha kwanza. Kwenye nafasi ya maelezo andika kwamba ni faili zilezile ambazo mteja alizikubali tarehe fulani, ndipo umwandikie.

Katika mfano wetu kazi iliwasilishwa kama inavyotakiwa. Kwa hiyo mteja akinyamaza kabisa, fedha zitaachiwa tarehe 22 Juni. Hapo ongeza siku 5 za usalama ambazo mtandao hushikilia fedha baada ya kuachiwa, ndipo uweze kuzitoa: tarehe 27. Akiidhinisha leo tarehe 12, zinafika mkononi tarehe 17. Ujumbe tunaoandika una thamani ya siku kumi, basi. Ni vizuri kulijua hilo, maana mtu anayejua kwamba kibaya zaidi ni kungoja siku kumi haandiki kama anayezama. Lakini hesabu hiyo inasimama tu ikiwa mteja hatabonyeza kitufe cha kuomba marekebisho. Akikibonyeza, siku zinakatika, na zinaanza upya utakapowasilisha tena. Kumbuka hilo, kwa sababu ujumbe mbovu unaweza wenyewe kumsukuma mteja akibonyeze.

Huu hapa ujumbe kama unavyotoka kwa mara ya kwanza:

"Shikamoo dada. Habari za huko, familia haijambo? Poleni na majukumu. Samahani sana kwa usumbufu, najua uko bize. Nilikuwa naulizia tu kuhusu ile kazi niliyokutumia, kama ulipata muda wa kuipitia vizuri, maana ulisema iko sawa. Kwa kweli huku hali ni ngumu kidogo, mwenye nyumba ananidai, kwa hiyo ukiweza kunisaidia hata leo nitashukuru sana. Pia kwenye hatua ya tatu nina swali kuhusu majina ya samaki. Kama kuna kazi nyingine usinisahau. Asante, na samahani tena."

Hakuna tusi humu, hakuna uongo, na mtu aliyelelewa vizuri angeweza kuandika hivi. Ila ukiusoma kwa jicho la mteja, kuna sentensi moja inayoharibu kila kitu: "kama ulipata muda wa kuipitia vizuri". Mteja alishapitia. Alishasema iko sawa. Sasa wewe mwenyewe unamuuliza kama kweli alipitia, na neno "vizuri" linamwambia kwamba labda hakupitia. Mtu mwangalifu atajibu, "Ngoja niiangalie tena wikiendi hii." Umeifungua kesi iliyokuwa imefungwa. Mwandishi alikuwa anatafuta njia laini ya kuingilia, akaokota swali ambalo jibu lake analo tayari. Sentensi hiyo hairekebishwi. Inafutwa, na mahali pake linakaa tamko: ulipitia, ulisema hivi, tarehe hii.

Hapo lazima tuwe waaminifu kuhusu mteja alisema nini hasa, kwa sababu Kiswahili chetu kina maneno mengi yanayofanana na kukubali bila kuwa kukubali. "Nimepokea, asante" ni risiti tu. "Nimeiona" inaweza kumaanisha ameona taarifa kwenye simu. "Sawa" peke yake ndilo neno gumu kuliko yote: mara ni "nimekubali", mara ni "nimekusikia", mara ni "tutaongea". Kinachobeba uzito ni jibu linaloitaja kazi na hali yake, kama hili la kwetu, "Nimepitia yote, iko sawa kabisa." Unapolirejea, lirejee kwa maneno yake mwenyewe. Usiliboreshe. Ukimwambia mtu aliyesema "sawa" kwamba "uliidhinisha kazi bila marekebisho", atahisi anawekewa maneno mdomoni, na hapo mazungumzo yanageuka kuwa ya kubishana. Kama ulichonacho ni "sawa" tupu, geuza ombi: "Kama kuna cha kurekebisha kwenye Hatua ya 2 niandikie, kama hakuna, naomba uiidhinishe kwenye mkataba." Unampa milango miwili iliyo wazi, na wote mnajua mko wapi.

Tuje kwa mwenye nyumba. Frilansa wengi huona kumtaja ni kusema ukweli tu, na kwa mteja wa nyumbani, Mtanzania mwenzao, huona itamgusa zaidi. Inamgusa, ila mahali pasipotakiwa. Fedha hizi si msaada. Ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa, na ziko kwenye amana tangu hatua ilipoanza. Ukiandika "ukiweza kunisaidia", unaziondoa kwenye kapu la haki na kuziweka kwenye kapu la hisani, na hisani ina ratiba yake: hutolewa mtu akiwa na nafasi, akijisikia, na baada ya kujiuliza kama atakuwa anaombwa kila mwezi. Yuko pia mteja atakayesoma shida yako na kujiuliza kama kazi ilifanywa kwa haraka ili upate hela. Mwenye nyumba abaki Nyegezi, asiingie kwenye mkataba.

"Samahani kwa usumbufu" nayo itoke, kwa sababu hiyohiyo. Humsumbui mtu kwa kumkumbusha jambo alilolikubali mwenyewe. Lakini hapa nina neno kwa wale wanaofundisha kwamba ujumbe wa biashara uondolewe adabu zote: hapana. "Naomba" si unyonge. Kwa Kiswahili ndivyo mtu anavyoagiza hata chai, na ujumbe unaoanza na "Tafadhali idhinisha malipo" bila salamu utasomeka kama barua ya mdai. Kama tangu mwanzo mmekuwa mkiamkiana kwa shikamoo, shikamoo ibaki. Ikitoweka siku ya kudai hela, mteja ataona umekasirika. Kinachopunguzwa ni wingi wake. Salamu moja, kwenye mstari mmoja na ombi. Uzio mmoja wa adabu unatosha. "Nilikuwa naomba kuuliza tu kama ingewezekana" ni nyua nne, na nyuma yake hakuna anayeona nyumba.

Sababu ya kuliweka ombi kwenye mstari wa kwanza ni ya kiufundi kabisa. Taarifa ya ujumbe kwenye simu huonyesha maneno machache ya mwanzo. Mteja wetu akiwa kwenye treni huko Toronto ataona "Shikamoo dada. Habari za huko, familia haijambo? Poleni..." na ataamua kuujibu jioni, akitulia, kama ujumbe wa ndugu. Jioni hiyo anaweza kusahau. Akiona "Shikamoo dada, naomba uidhinishe malipo ya Hatua ya 2..." anajua ni jambo la dakika moja.

Kisha kuna "ile kazi niliyokutumia". Kwako kazi ni moja. Kwa mteja mwenye mnukuzi, mhariri wa picha na mtu wa muziki, "ile kazi" ni kitendawili. Taja hatua kwa jina lilelile linaloonekana kwenye mkataba, hata kama jina hilo aliliandika mteja kwa haraka na halikupendezi. Taja pia kiasi, na kiwe kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Hapa kuna kosa dogo linaloleta maswali makubwa. Kwenye mkataba wenye ada ya asilimia 10, frilansa anajua kwamba kitakachomfikia ni dola 162, kwa hiyo anaandika dola 162. Mteja anafungua mkataba, anaona dola 180, na anabaki anajiuliza kama kuna punguzo, kama ni hatua nyingine, au kama kuna kosa. Ada ya mtandao ni hesabu yako. Yeye anaijua 180. Wala usigeuze kuwa shilingi, kwa sababu kiwango cha leo si cha kesho, na namba isiyoonekana popote kwenye skrini yake haimsaidii kitu.

Sasa kitenzi. Ukiandika "naomba unilipe", mteja anaweza kushangaa kweli, na mshangao wake una msingi: kadi yake ilikatwa hela siku alipoiwekea hatua fedha. Taarifa ya benki anayo. Kwa hesabu zake alishalipa wiki tatu zilizopita, na hajui kwamba fedha ziko katikati, zinangoja neno lake. Huyu si mteja mbaya. Ni mteja ambaye hajawahi kuelezwa. Kwa hiyo usitumie "kulipa" wala "kutuma". Tumia "kuidhinisha" au "kuachia", na uongeze kipande kifupi kinachosema kwamba fedha zimeshawekwa na halipi upya. Kipande hicho kina maneno matano au sita tu, na kinaondoa sababu moja kubwa ya watu kusitasita bila kusema.

Swali kuhusu majina ya samaki ni zuri, ila lisubiri. Ujumbe wenye maombi mawili hujibiwa lile jepesi. Dada atajibu kwa furaha kuhusu ningu na gogogo, ataeleza bibi yake alivyokuwa akiwakausha, na mazungumzo yatakwisha hapo akiamini amekujibu. Ombi la kazi nyingine nalo lisubiri. Likikaa pembeni ya dai la malipo linaonekana kama chambo.

Baada ya kukata na kupanga upya, ujumbe unakuwa hivi:

"Shikamoo dada. Naomba uidhinishe malipo ya Hatua ya 2: mahojiano ya Mwaloni, dola 180. Niliwasilisha faili zote sita kwenye mkataba Jumatatu tarehe 8 Juni, na Jumatano tarehe 10 uliniandikia hapa, 'Nimepitia yote, iko sawa kabisa.' Ukifungua mkataba wetu utaona Hatua ya 2 inasubiri idhini yako. Fedha zilishawekwa, kwa hiyo hulipi upya, ukiidhinisha zinaachiwa. Kama kuna kinachokukwamisha kwenye mkataba, niambie hapa. Asante."

Usomeni tena muone kila sentensi inafanya nini. Ya kwanza baada ya salamu ni ombi, lenye jina na kiasi. Inayofuata ni msingi wa ombi: tarehe mbili na maneno ya mteja mwenyewe. Kisha mahali pa kubonyeza. Kisha wasiwasi unaotabirika kuhusu kukatwa mara mbili. Mwisho mlango wa kueleza tatizo bila aibu. Tarehe zimeandikwa na siku zake za wiki, kwa sababu mtu akikumbuka "Jumatano nilikuwa ofisini nikamjibu" amekumbuka kweli, kuliko namba tupu. Sikuelekeza kitufe kwa kitufe upande wa mteja, kwa sababu skrini yake si kama yako na mitandao hii hubadilisha sura mara kwa mara. Ukimwambia abonyeze kitu ambacho hakioni, umempa sababu ya kufunga.

Mtu ataniambia kwamba sentensi ya "kama kuna kinachokukwamisha" inaweza kumfungulia mteja mlango wa malalamiko. Ndiyo maana imeandikwa "kwenye mkataba" na si "kwenye kazi". Tofauti hiyo ni ya neno moja, na ndiyo inayoizuia isirudi kuwa "ulipata muda wa kuipitia vizuri?"

Kuhusu saa ya kutuma: Juni Toronto iko nyuma ya Mwanza kwa saa 7. Ukituma saa 3 asubuhi ukiwa unakunywa chai, kule ni saa 8 za usiku, na ujumbe wako utaamka chini ya rundo la mengine yote ya usiku. Saa 11 jioni ya Mwanza ni saa 4 asubuhi kwake. Hapo yuko macho na huenda yuko mbele ya kompyuta, ambako kuidhinisha ni rahisi kuliko kwenye simu. Ila ukilazimika kutaja saa ndani ya ujumbe, angalia mtego wetu wenyewe. Mtanzania aliyekaa Kanada miaka kumi anaposoma "saa 4" anaweza kuisoma kwa saa ya kule, na nne yake ikawa ya alasiri. Andika "saa 4 asubuhi", na utaje ni ya wapi. Bora zaidi utaje siku na uachane na saa.

Usitume siku ileile mteja aliyosema iko sawa. Siku mbili za kazi zinatosha kuonyesha kwamba amesahau, na hazijawa nyingi kiasi cha kukuumiza. Wala usiuhamishie WhatsApp, hata kama namba yake unayo. Ikitokea kutoelewana, watu wa mtandao watakaosuluhisha watatazama mazungumzo yaliyomo kwenye mtandao wao. Ujumbe huu uliounoa ni ushahidi pia, na ushahidi ukae ndani ya faili la kesi.

Hapo kuna jaribu moja linaloletwa na mteja wa nyumbani ambalo mteja wa taifa jingine halileti. Anaweza kujibu, "Hizo dola zina mlolongo mrefu, ngoja nimwambie kaka yangu wa Nyakato akupe keshi kesho." Amesema kwa wema, na kesho ni karibu kuliko tarehe 17. Kataa, na ukatae kwa sababu ambayo haimshushi: "Asante sana dada, ila malipo ya mkataba huu yanatakiwa kupita humuhumu. Ukiidhinisha kwenye mkataba inatosha, na kaka hatahangaika." Ukichukua ile keshi, hatua inabaki wazi na fedha zimelala ndani yake, na baadaye mtabishana nani azirudishe. Upwork inakataza malipo ya nje kwa watu waliokutana kwenye mtandao wake, na akaunti inaweza kufungiwa. Usimwahidi nyota tano ili aidhinishe, wala usimtishie kumpa mbovu. Hilo nalo limekatazwa, na linaugeuza ujumbe safi kuwa hatia yako.

Tuseme Jumatatu imepita kimya. Ujumbe wa pili uende Jumanne tarehe 16, na usiwe nakala ya wa kwanza wenye hasira zaidi. Uwe mfupi, na ubebe jambo jipya moja:

"Shikamoo dada. Narudi kwenye ombi la Ijumaa kuhusu Hatua ya 2. Kama anayeidhinisha malipo ni mwenzako, niambie nimwandalie maelezo mafupi ya kazi na tarehe."

Jambo jipya hapo ni kukisia sababu ya kimya kwa heshima. Inawezekana kabisa dada anayesema iko sawa siye mwenye mamlaka ya fedha. Anaye mshirika au mhasibu anayeshika akaunti. Ujumbe huu unampa njia ya kusema hivyo bila kuonekana amekuhadaa. Wa tatu sishauri kuutuma kabla ya tarehe 22, kwa sababu saa inakugongea wewe, na kumsukuma mtu ambaye muda unamsukuma tayari ni kumkaribisha alikumbuke lile kosa dogo aliloliona ukurasa wa nne.

Na akilikumbuka? Tofautisha mambo mawili. Kama anasema kwamba kwenye mahojiano ya tatu umeandika "nungu" mahali mvuvi alisema "ningu", hilo ni kosa lako. Nungunungu hawavuliwi ziwani. Rekebisha saa hiyohiyo, wasilisha tena, na ujibu kwa mstari mmoja kwamba umesahihisha mahali pangapi. Usianze kumkumbusha kwamba alishasema iko sawa. Utakuwa sahihi, na utapoteza siku tatu za kubishana kwa kazi ya dakika tano.

Lakini kama anasema, "Iko sawa, ila nimefikiria, niongezee na tafsiri ya sehemu za Kisukuma halafu nikuachie malipo yote pamoja," hiyo si kasoro ya Hatua ya 2. Hatua ya 2 ilikuwa kunukuu. Ukijibu "sawa" kwa haraka umekubali kufunga hela ya kazi iliyokwisha kwenye kazi ambayo haijaanza wala kupangiwa bei. Jibu linalotenganisha liwe hivi:

"Tafsiri ya Kisukuma naiweza, dada. Haikuwemo kwenye Hatua ya 2, kwa hiyo tuiwekee hatua yake. Nitakuandikia bei leo jioni nikishahesabu dakika. Hatua ya 2 ya kunukuu imekamilika kama ulivyosema tarehe 10, naomba uiidhinishe ilivyo."

Ona kwamba jibu linaanza na "naiweza". Ukianza na "haikuwemo", hata kama ni kweli, linasikika kama mlango unaogongwa usoni. Na bei iandike kweli jioni hiyo, maana ukichelewa atakuwa na haki ya kusema anakungoja wewe.

Akishaidhinisha, jibu siku hiyohiyo. Watu wengi hunyamaza hapo, wakiona hela tu wamekwisha. Ujumbe huo ndio mahali pa yale uliyoyaondoa kwenye ule wa kwanza, na pa kuangalia Funded ya hatua inayofuata kabla hujapakua rekodi hata moja:

"Nimeona dada, Hatua ya 2 imeidhinishwa, asante sana. Hatua ya 3 bado haijawekewa fedha. Ikishaonyesha Funded naanza na rekodi za Igombe. Na swali moja la samaki: yule mama wa mahojiano ya tano, anaposema 'furu wa zamani', tuandike furu tu au tuache maneno yake yote?"